UZI: Nilipima kama watu wa Jinja wanaujua unga wangu wa uji, na majibu yamenichanganya

Mama Ulezi (Jinja)

Habari za jioni ndugu zangu. Mimi nasaga unga wa uji: ulezi, soya na karanga kidogo. Pakiti yetu ni ya kilo moja, ya kijani, iko kwenye maduka ya Jinja mjini na Bugembe, na mwaka huu tumeingia Walukuba. Jina silitaji hapa kwa sababu huenda nikarudi sokoni kuhoji watu, na baadhi yenu mko huku huku.

Redio moja ya hapa imenipa bei ya matangazo ya miezi 3. Kabla ya kutoa hela nikasema ngoja nijue kwanza, jina letu linajulikana au halijulikani? Nikachukua mabinti wawili, nikawavalisha fulana zetu, wakasimama Jumamosi nzima nje ya duka kubwa linalotuuzia. Swali la kwanza lilikuwa "Je, unaufahamu unga wa…" halafu jina letu. Watu 62 walijibu, 51 wakasema ndiyo. Hiyo ni asilimia 82.

Nilifurahi siku mbili. Ya tatu nikafungua daftari la mauzo, hesabu ikakataa. Kama watu 8 katika kila 10 wananijua, mbona Walukuba wananirudishia pakiti zilizokaribia kuisha muda? Nimekosea wapi? Na nitapima vipi tena kwa hela isiyozidi shilingi 250,000?

Jirani wa Malaba

Dada, kabla ya yote kaliandikishe hilo jina URSB, ile ofisi ya Uganda ya kuandikisha majina ya biashara. Shemeji yangu alikuwa na sabuni ya maji, mtu akaiga chapa yake mpaka herufi, na kwa kuwa hakuwa ameandikisha alihangaika sana. Watu kulijua jina ni kazi bure kama si lako kisheria.

Mama Ulezi

Asante kaka, jina liliandikishwa mapema. Pole kwa shemeji. Mimi nauliza jambo jingine: nitajuaje kama jina limekaa kichwani mwa mnunuzi, na linapokaa humo limekaa na picha gani.

Hajji wa Bombo

Mama Ulezi, salaam. Nilianza kazi hii kwa kuhoji watu barabarani na karatasi mkononi, baadaye nikasimamia wahoji Kampala na mikoani kwa miaka mingi. Nikuambie wazi: hiyo 82 haijapima watu wa Jinja. Imepima wateja wa duka linalokuuzia, wakiulizwa na binti aliyevaa jina lako kifuani, kwa swali ambalo lenyewe limelitaja jina. Mtu wetu akiulizwa hivyo na binti mwenye adabu anayetabasamu, kusema "silijui" anaona kama kumvunjia heshima. Atasema ndiyo, aende zake.

Anza upya na utenganishe vitu viwili. Kuna mtu anayelitoa jina lako kichwani mwake bila kusaidiwa, na kuna mtu anayelitambua akishasomewa. Wa kwanza ndiye anayeingia dukani na kusema "nipe ule". Wa pili atakununua akikuona kwenye rafu, na kama hupo hatakuulizia. Kwa hiyo mpangilio wa maswali ndio roho ya kazi yote:

"Nani hununua unga wa uji nyumbani kwenu?" Kama si yeye, mshukuru, nenda kwa mwingine.

"Ukitajiwa unga wa uji wa pakiti, majina gani yanakujia?" Hapo mhoji anyamaze. Aandike kila neno kwa mpangilio uliotoka mdomoni, aulize "mengine?" mara moja tu, basi.

Hapo ndipo unasoma orodha ya majina 6, lako likiwa katikati, na kwa kila moja unauliza kama aliwahi kulisikia au kuliona. Mwisho kabisa ndiyo maswali ya wanachokifikiria. Swali la pili likishapita usirudi nyuma kuongeza kitu, kwa sababu orodha ikishasomwa kumbukumbu yake umeshaichafua.

Na katika hayo majina 6, moja libuni. Liwe linasikika kama unga wa kweli, na upite madukani kuhakikisha hakuna kitu kama hicho. Utaona litakavyokusaidia.

Kijana wa Kyambogo

Hajji amesema vizuri, lakini dada, watu 62 ni wachache mno. Chuoni tunatumia jedwali la Krejcie na Morgan la 1970. Kwa mji wenye watu wengi kama Jinja unahitaji watu 384. Chini ya hapo matokeo hayakubaliki.

Hajji wa Bombo

Mdogo wangu, jedwali hilo nalijua na si baya. Ile 384 inakupa kosa la takriban asilimia 5 juu au chini, lakini kwa sharti kwamba kila mtu wa mji alikuwa na nafasi sawa ya kuchaguliwa. Ukisimama nje ya duka moja sharti hilo umelivunja. Mama Ulezi angehoji watu 384 pale pale na fulana zile zile, bado angepata 80 na kitu, tena angeiamini zaidi. Idadi kubwa haiponyi sehemu mbaya.

Kwa hela yake mimi ningechukua watu 120: sehemu 3, watu 40 kila sehemu, siku tofauti na saa tofauti. Kosa lake ni karibu asilimia 9 kila upande. Anataka kuamua kama atoe hela ya redio au asitoe, na kwa uamuzi huo inatosha.

Kijana wa Kyambogo

Sawa Hajji, nimekuelewa kuhusu sehemu. Lakini nikiandika 120 kwenye ripoti ya shule msimamizi atanirudisha.

Hajji wa Bombo

Ya shule mpe msimamizi wako anachotaka. Huyu mama anatafuta jibu la biashara.

Mwokaji Arua

Mimi nina njia rahisi isiyogharimu kitu. Nina tanuri la mikate Arua. Kaunta nimeweka daftari, kila mteja mpya anaulizwa "umetusikia wapi?" na binti anaweka alama: rafiki, redio, kibao, alipita tu. Mwaka mzima sijalipa mtafiti. Nilijaribu pia kuweka maswali ya Google Forms kwenye hali ya WhatsApp, nikapata majibu 40 kwa siku moja. Fanya hivyo dada, usisumbuke na jua.

Hajji wa Bombo

Daftari lako ni zuri, ndugu yangu, liendeleze. Linakuambia waliofika walifikaje. Yule asiyefika hayumo humo, na ndiye Mama Ulezi anayemtafuta. WhatsApp ndiyo hivyo hivyo: wanaoona hali yako wana namba yako, watakosaje kukujua?

Muuza Duka Walukuba

Mimi nina duka la rejareja Walukuba, sikujui dada lakini pengine unga wako niliwahi kuuweka. Naongeza kitu kimoja. Wateja wangu wengi hawataji majina kabisa. Wanasema "nipe ule wa kijani", "ule wenye mtoto", "ule wa juzi". Ukiwauliza majina watakaa kimya, na si kwamba hawakijui kitu.

Mama Ulezi

Shukrani wote. Hajji, nimefuata maneno yako karibu yote. Nimechukua wiki 3, sasa naleta majibu.

Fulana tuliziacha nyumbani. Wahoji walikuwa mabinti wawili wengine, wanaongea Kisoga, Kiganda na Kiswahili, na sikuwaambia kazi ni ya nani mpaka tulipomaliza. Tulienda soko kuu la Jinja Jumanne asubuhi, Bugembe Alhamisi jioni watu wakitoka kazini, Walukuba Jumapili mchana. Kabla ya kwenda niliongea na viongozi wa soko, na kule mitaani na wenyeviti wa LC1, yaani viongozi wa mtaa. Hakuna aliyekataa. Kila mhoji alichagua alama barabarani, nguzo au mlango, na kila mtu wa 5 aliyepita hapo ndiye alisimamishwa. Sheria hiyo niliisisitiza kwa sababu siku ya majaribio niligundua binti mmoja anachagua wamama wa rika lake wenye sura ya upole. Waliokataa tuliwahesabu pia, walikuwa 44.

Gharama: mabinti wawili, kila mmoja shilingi 25,000 kwa siku kwa siku 3, ni 150,000. Karatasi 24,000. Nauli na maji 41,000. Jumla 215,000. Zawadi sikutoa. Nilitaka kumpa kila mtu kipakiti cha unga wetu, nikaona mara moja kwamba wa nyuma watakiona na siri itakuwa imekwisha.

Jaribio lenyewe lilikuwa na faida yake. Nilikuwa nimeandika "unga gani unaujua?", watu 10 wa mwanzo wakataja unga wa posho. Tukabadilisha kuwa "unga wa kupikia uji", na kwa Kiganda tukatumia neno obuugi, ndipo tukaelewana.

Sasa matokeo ya watu 120:

Waliolitaja jina letu bila kusaidiwa: 9.
Waliolitambua baada ya kusomewa: 46.
Waliosema wanalijua lile jina la kubuni: 17.

Nikiri kwamba nilipoona hiyo 9 niliumia. Halafu hawa 17 wanajua kitu ambacho hakipo duniani, nifanye nao nini?

Kijana wa Kyambogo

Rahisi. Toa 17 kwenye 46, wanabaki 29. Hao ndio wanaokujua kweli, asilimia 24.

Hajji wa Bombo

Mdogo wangu uko karibu, lakini hesabu hiyo inadhani wale 17 wote wamo ndani ya 46. Huenda wengine walilikubali jina la kubuni na la kwenu wakalikataa. Mama, rudi kwenye karatasi uangalie mmoja mmoja. Kama umeshaingiza kwenye jedwali la kompyuta, weka 1 kwa aliyesema ndiyo, tuseme jina lenu liko safu ya E na la kubuni safu ya F:

```
=COUNTIFS(E2:E121,1,F2:F121,1)
```

Hiyo itakuambia wangapi waliyakubali yote mawili.

Mama Ulezi

Ni 13.

Hajji wa Bombo

Basi fanya hivi. Waweke pembeni wale 17 wote, wanabaki 103. Katika hao wanaokutambua ni 46 kutoa 13, yaani 33. Hiyo ni asilimia 32. Kwa watu wote 120 ilikuwa 38. Ukweli wako uko maeneo hayo, na kumbuka lile kosa la asilimia 9. Mimi ningesema mtu 1 katika kila 3 anakutambua, na chini ya mtu 1 katika kila 10 anakukumbuka mwenyewe. Usiandike asilimia yenye nukta, karatasi 120 haziwezi kubeba nukta.

Muuza Duka Walukuba

Hajji, kwa heshima, hapo sikubaliani. Katika hao 13 lazima wamo wateja wake wa kweli ambao wana tabia ya kusema ndiyo kwa kila kitu. Kuwatupa ni kumpunguzia mama wa watu alichonacho.

Hajji wa Bombo

Una haki, na wataalamu wenyewe hawajakubaliana. Wengine huwatoa, wengine huwaacha na kutumia jina la kubuni kama kipimo cha adabu ya watu wa mahali hapo. Mimi huwatoa. La muhimu ni kwamba akirudia afanye vile vile, asibadilishe kanuni katikati.

Sasa mama, uliuliza nini kuhusu wanavyokufikiria?

Mama Ulezi

Kwanza nilikosea, nikaweka "unaupa alama ngapi, 1 hadi 5?" Kwenye majaribio karibu wote wakasema 5, hata aliyesema hajawahi kuuonja. Nikaitoa.

Badala yake niliwauliza wale 46 maswali mawili. La kwanza: "Ukilisikia jina hili, kinakujia nini?" Mabinti wakaandika maneno yenyewe. La pili nilisoma tena majina 5 ya kweli nikauliza: upi ungempikia mtoto? Upi ungempikia mgonjwa? Upi ungekunywa mwenyewe asubuhi kabla ya kazi? Mtu aliruhusiwa kutaja zaidi ya mmoja, au asitaje wowote.

Usiku nilikaa na zile karatasi mezani, nikazigawa mafungu kwa mkono. Katika 46, watu 19 walitumia neno mtoto, mgonjwa, au hospitali. Mama mmoja wa Bugembe binti alimwandikia hivi: "Ule ni wa kumpa mtu aliyekonda." Kwa mtoto walitutaja 27. Kwa asubuhi kabla ya kazi, 6.

Ndipo nikaitazama pakiti yangu upya. Mbele kuna picha ya mtoto, na chini yake tuliandika kwa herufi kubwa "huongeza damu na nguvu". Nilifikiri nasifia unga. Kumbe nilikuwa nawaambia watu wazima kwamba hauwahusu. Wanunuzi niliokuwa nawatafuta Walukuba ni wafanyakazi wa viwandani wanaotoka alfajiri.

Mwokaji Arua

Hapo nimejifunza. Mimi sijawahi kuuliza mtu mkate wangu ni wa nani. Hata hivyo dada, usiikimbie picha ya mtoto. Wamama wa watoto ni soko kubwa, huenda ndilo lako na hulitaki tu.

Mama Ulezi

Nimelifikiria kaka, bado silali vizuri kwa ajili yake. Hao 27 ni watu wa kweli, na sijaamua.

Hajji wa Bombo

Usiamue kwa hao 46 peke yao. Katika kundi dogo hivyo, watu 3 wakibadilisha jibu picha yote inasogea. Ila pengo la 27 na 6 ni kubwa mno kuwa bahati. Kwamba lipo, liamini. Ukubwa wake kamili usiuapie.

Na ile hoja ya jirani wa Walukuba ya "ule wa kijani", uliirekodi?

Mama Ulezi

Ndiyo, kwenye swali la bila kusaidiwa watu 14 hawakutaja jina, walisema rangi ya kijani. Niliwaandika safu yao peke yao kwa sababu sikujua niwahesabu kama wetu au la.

Hajji wa Bombo

Vizuri sana kwamba hukuwachanganya na wale 9. Kuna unga mwingine wa pakiti ya kijani hapo Jinja?

Mama Ulezi

Upo mmoja, wa siku nyingi kuliko sisi.

Hajji wa Bombo

Basi fanya jaribio dogo. Piga picha pakiti zote 5 kwa simu, ukubwa mmoja, mwanga mmoja. Funika jina kwa karatasi nyeupe, uache rangi na michoro. Onyesha watu 30, uliza kila moja ni unga wa nani. Nusu ya siku, mhoji mmoja.

Kijana wa Kyambogo

Dada, na kama utachukua namba za simu ili uwapigie tena, kuna Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019. Lazima wakubali, na wajue unazitumia kwa nini.

Mama Ulezi

Namba sikuchukua hata moja, wala majina. Asante kwa kunikumbusha.

Hajji, nina swali. Nikitoa hela ya redio miezi 3 halafu nikarudia upimaji huu, nikapata 52 mahali pa 46, nitasema redio imefanya kazi?

Hajji wa Bombo

Hapana. Ukilinganisha mara mbili, kila mara ina kosa lake, kwa hiyo tofauti inahitaji kuwa kubwa zaidi. Kwa watu 120 na 120, kutoka 46 unatakiwa ufike kama 61 ndipo useme kwa uhakika kuna kilichopanda. Kati ya hapo huwezi kutofautisha redio na bahati ya watu waliopita siku hiyo. Mimi ningeiangalia zaidi ile 9, kwa sababu redio kazi yake ni kulitia jina mdomoni. Ikifika 20 utakuwa umepata kitu.

Na uende sehemu zile zile, siku zile zile za wiki, maswali yale yale neno kwa neno. Hata jina la kubuni libaki lile lile, ila uhakikishe bado halijazaliwa unga wenye jina hilo.

Muuza Duka Walukuba

Na usipime wiki ambayo mafuta ya gari yamepanda au shule zinafunguliwa. Watu hapo vichwa viko kwingine, hawana muda wa kusimama.

Mama Ulezi

Narudi na lile jaribio la picha. Nimelifanya jana sokoni, watu 30, jina limefunikwa.

Waliosema pakiti yetu ni yetu: 5. Waliosema ni ya yule mwingine wa kijani: 16. Waliobaki hawakujua. Mzee mmoja aliishika simu, akaisogeza karibu na macho, akasema kwa uhakika kabisa, "Huu nautumia kila siku," akataja jina la mwenzangu. Binti akamuuliza tena, akarudia lile lile.

Kwa hiyo wale 14 wa "kijani" nimewaondoa kwenye hesabu zangu. Redio nimewaambia wasubiri. Mwenye mashine ya kuchapa pakiti Kampala hachapi chini ya pakiti 5,000, na nina 1,800 za zamani stoo. Nikishazimaliza nabadilisha rangi kwanza. Picha ya mtoto bado naibishania na mume wangu. Yeye yuko upande wa Mwokaji.

Hajji wa Bombo

Jaribu rangi mbili tatu zikiwa bado kwenye karatasi, kabla hujachapa. Watu 30 wengine, simu ile ile.